Imla na Kivuli: Sikio la Kiswahili Linapokutana na Kijerumani

Mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B1 unaotolewa na Taasisi ya Goethe una sehemu ya kusikiliza inayochukua takriban dakika 40. Ndani yake mna vipengele vinne. Katika viwili, mtahiniwa husikia rekodi mara mbili. Katika viwili vingine husikia mara moja tu, basi. Neno likishapita limepita. Ili afaulu katika sehemu hii anahitaji alama 60 kwa 100, na hapo ndipo wengi hukwama ilhali katika kusoma na kuandika walifanya vyema.

Jambo hili si dogo siku hizi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamaji na ajira jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, Kijerumani kimekuwa lugha ya tumbo kwa vijana wengi, hasa wauguzi. Cheti kikikosekana kwa sababu ya alama chache za kusikiliza, safari inaahirishwa. Na hata cheti kikipatikana, bado kuna wodi, kuna mgonjwa mzee anayezungumza haraka huku meno yamebaki kwenye glasi, na kuna mwenzako wa zamu anayekupokeza kazi kwa dakika tatu.

Ukimwuliza mtahiniwa aliyeshindwa kulikoni, atakwambia, "Wanazungumza haraka mno." Mpe maandishi ya rekodi ileile na atashangaa, kwani kila neno lililomo analijua. Maana yake ni kwamba msamiati anao. Kilichomwangusha ni kwamba maneno anayoyajua kwa macho hajawahi kukutana nayo kwa masikio. Na dawa ambayo wengi hujipa, ya kusikiliza redio ya Kijerumani saa nzima wakiwa kwenye matatu, haifiki penye ugonjwa. Sikio lisilojua linachokosa litaendelea kukosa hichohicho hata kwa mwaka mzima.

Makala haya yanaangazia mazoezi mawili yanayofika penye ugonjwa, mradi yafanywe kwa mfuatano unaofaa. La kwanza ni imla. Hili tunalijua tangu shule ya msingi: mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, kisha kalamu nyekundu inafanya kazi yake. La pili ni lile ambalo hapa tutaliita kivuli. Unacheza rekodi na kuitamka papo hapo, ukiwa nyuma ya msemaji kwa silabi moja au mbili, bila kusubiri amalize sentensi. Kivuli hakingoji mtu afike aendako ndipo kianze kutembea.

Msomaji asidhani kuwa kivuli ni ile "rudia baada yangu" ya darasani. Katika kurudia, kuna kimya kati ya mwalimu na mwanafunzi, na katika kimya hicho akili hupata nafasi ya kuitengeneza sentensi upya kwa sauti za lugha ilizozizoea. Mwalimu anasema "offen", mwanafunzi anarudisha "ofen" na kuamini amesema kitu kilekile. Katika kivuli nafasi hiyo haipo.

Zoezi lenyewe halikubuniwa na walimu wa lugha. Wakalimani wamelitumia miaka mingi kujinoa, nao wanasaikolojia walilitumia kuchunguza usikivu. Mwaka 1953 Colin Cherry, mtafiti wa Uingereza, aliwavalisha watu vifaa vya masikioni, akacheza ujumbe tofauti katika kila sikio, na kuwaagiza waufuate kwa sauti ujumbe wa sikio moja. Waliweza, lakini walikumbuka kidogo mno kuhusu ule wa sikio la pili. Miaka 20 baadaye, mnamo 1973, William Marslen-Wilson alionyesha kwamba wapo watu wanaoweza kumfuata msemaji wakiwa nyuma yake kwa robo ya sekunde tu, yaani takriban silabi moja. La kuvutia ni makosa yao. Walipokosea, aghalabu walitia neno ambalo kisarufi na kimaana liliingia vizuri katika sentensi. Kwa hivyo hawakuwa kasuku. Walikuwa wanaelewa huku wanasema. Ila hao walikuwa wanafuata lugha yao wenyewe. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni anaweza kabisa kuwa kasuku, na hatari hiyo tutairejelea.

Sasa, sikio la mzungumzaji wa Kiswahili hukosa nini hasa katika Kijerumani? Orodha inaweza kurefuka, lakini kuna jambo moja lililo mzizi, nalo ni urefu wa irabu.

Kiswahili kina irabu tano na shadda yake hukaa mahali pamoja: silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu ya silabi hiyo huvutwa kidogo. Tamka "kitabu", "samaki", "barua" na utasikia mvuto huo. Kwetu mvuto huo ni alama ya shadda tu na haubadilishi maana. Katika Kijerumani shadda na urefu ni vitu viwili mbalimbali. Silabi yenye shadda yaweza kuwa na irabu ndefu, yaweza pia kuwa na irabu fupi kabisa, na maana hutegemea hapo. "Miete" ni kodi ya nyumba, "Mitte" ni katikati. "Ofen" ni tanuri au jiko, "offen" ni wazi. "Höhle" ni pango, "Hölle" ni jehanamu. "Staat" ni dola, "Stadt" ni mji.

Mzungumzaji wa Kiswahili akikutana na "offen" hufanya kile ambacho kinywa chake kimefanya tangu utotoni. Anaona silabi mbili, anaweka shadda kwenye ya kwanza, ambayo kwa bahati ndiyo sahihi, kisha anaivuta. Mlango uliokuwa wazi umegeuka tanuri. Na kwa kuwa kinywa hakitofautishi, sikio nalo halioni haja ya kutofautisha. Vilevile konsonanti mbili katika maandishi humpotosha. Hudhani anatakiwa kuikaza ile f. La hasha. Katika Kijerumani herufi hizo mbili hazirefushi konsonanti. Kazi yake ni kumwambia msomaji kuwa irabu iliyotangulia ni fupi.

Jambo jingine: irabu fupi ya Kijerumani si fupi tu, pia imelegea. Ile i ya "Mitte" imeshuka kidogo kuelekea e. Ndiyo sababu wanafunzi wetu wengine katika imla huandika "Mette". Hapa lugha zetu za nyumbani zinaweza kusaidia kuliko Kiswahili. Gĩkũyũ kina irabu saba na Dholuo kina tisa, kwa hivyo mzungumzaji wa lugha hizi tayari ana sikio linalokubali kwamba kati ya i na e pana mtu anayeishi. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake angeanzia hapo badala ya kuanzia kwenye chati ya alama za fonetiki.

Tuchukue mfano, tuufanyie kazi hatua kwa hatua. Nimeuandika kwa kuiga namna wauguzi wanavyopokezana zamu, kwa sababu ndiyo hali itakayowakuta wengi wa wanaojifunza. Ni sentensi tatu, na mtu anayezisema kwa mwendo wa kawaida hatumii zaidi ya sekunde 15.

"Herr Meyer in Zimmer vierundfünfzig hat gestern Abend nichts gegessen. Die Tabletten hat er vor dem Schlafen genommen. Heute Morgen haben wir ihm um halb acht den Blutdruck gemessen."

Yaani: Bwana Meyer wa chumba 54 hakula chochote jana jioni. Vidonge alivimeza kabla ya kulala. Leo asubuhi saa moja na nusu tulimpima shinikizo la damu.

Mwanafunzi asikilize mara moja bila kalamu, apate picha ya jumla. Kisha aandike, akisimamisha rekodi baada ya kila kipande cha maneno matano hadi saba. Kipande kifupi kuliko hicho hakimfunzi kitu, maana atanakili sauti moja moja kama anayeokota mahindi. Kirefu mno nacho kitapima kumbukumbu badala ya sikio. Kila kipande akisikilize mara tatu, asizidishe. Asichosikia aache nafasi wazi, na asibahatishe, kwani nafasi ile tupu ina habari zaidi kuliko neno la kubahatisha. Kusikiliza mara 15 hadi neno litoke ni kujidanganya. Mtihani hautampa mara 15, mgonjwa ndiyo kabisa.

Tuseme ameandika hivi: "Herr Maier in Zimmer 45 hat gestern Abend nicht gegessen. Die Tabletten hatte … von Schlafen genommen. Heute Morgen haben wir im um halb acht den Blutdruck gemessen."

Hapo ndipo shughuli inapoanza, kwa sababu makosa haya si ya aina moja. Wengi hulinganisha na maandishi asilia, wanahesabu makosa, wanasikitika, wanafunga daftari. Hesabu hiyo haina maana. Kwanza yaondolewe makosa ambayo si ya sikio. "Maier" na "Meyer" hutamkwa sawasawa, hata Mjerumani atauliza lipi. Ndivyo ilivyo pia kwa "Rad", gurudumu au baiskeli, na "Rat", ushauri, kwa sababu d ikiwa mwisho wa neno Kijerumani huigeuza kuwa t. "Das" na "dass" ni hivyohivyo. Haya ni ya tahajia na sarufi. Yafundishwe siku nyingine.

Sasa tazama 45. Kosa hili ni la hatari kuliko yote, na cha ajabu ni kwamba huenda mwanafunzi alisikia sawasawa. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: "vier-und-fünfzig", nne na hamsini. Alisikia nne akaandika 4, akasikia hamsini akaandika 5, na chumba 54 kikawa 45. Sisi husema hamsini na nne, makumi yakitangulia. Inashangaza kidogo kwamba majina yetu ya makumi, kuanzia ishirini hadi tisini, tuliyachukua kutoka Kiarabu, na Kiarabu nacho hutanguliza mamoja kama Kijerumani. Tulichukua majina tukaacha mpangilio. Tiba hapa ni ya mkono zaidi kuliko ya sikio: kalamu isiguse karatasi mpaka nambari iishe kutajwa. Wengine huandika tarakimu ya kwanza wanayoisikia upande wa kulia na kuacha nafasi kushoto. Njia hiyo inafaa, ila mtu akiizoea hubaki nayo hata pale nambari inapotajwa tarakimu moja moja, kama ya simu, na huko humvuruga. Mimi napendelea kusubiri.

"Nicht" badala ya "nichts" ni kosa la sikio halisi. "Hakula" na "hakula chochote" yanakaribiana, lakini katika faili ya mgonjwa si sawa. Chanzo chake ni mrundiko wa konsonanti. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa chache za maneno ya mkopo, na konsonanti tatu zikipangana mwishoni mwa neno sikio letu huchukua za kwanza na kuiacha ya mwisho. Hapa s imebanwa kati ya t na g ya "gegessen".

Halafu "hatte" na ule upungufu uliofuata. Neno hilo, "hatte", lina maana ya "alikuwa na", lakini msemaji alisema "hat er", maneno mawili. Katika usemi wa haraka r ya mwisho wa silabi ya Kijerumani haitetemi hata kidogo. Hugeuka irabu iliyo karibu na a. "Hat er" basi husikika karibu kabisa na "hata" yetu, hii ya "hata mimi". Mwanafunzi akilijua hilo mara moja, ataanza kusikia "hata" hizi kila mahali. "Hatte" yenyewe huishia kwa e hafifu iliyofifia. Ndiyo tofauti yote iliyopo, a na e hafifu, na juu yake inategemea kama sentensi ina mtendaji au haina.

"Von Schlafen" ni "vor dem Schlafen" iliyosagwa. Hakuna Mjerumani anayetamka "dem" kikamilifu katikati ya sentensi kama hiyo. Irabu hudondoka, ikabaki d na m. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi. Ile m inayobaki ni m inayosimama kama silabi peke yake, sawa na ya "mtu", "mke", "mbwa". Vivyo hivyo "haben", ambalo vitabuni lina silabi mbili zilizonyooka, midomoni huwa "habm", na m yake ni hiyohiyo ya "mtu". Wanafunzi wetu huhangaika kutamka "ha-ben" kwa usafi wa kitabu, kumbe kinywa chao tayari kinaweza kusema kama Mjerumani. Wanachokosa ni ruhusa tu.

La mwisho ni "im" badala ya "ihm". Moja ni "katika", jingine ni "yeye" mtendewa. Kinadharia i ya "ihm" ni ndefu, lakini neno lisilo na shadda katika sentensi ya haraka hupungua urefu, hata mwenyeji hategemei sikio pekee. Hutegemea sarufi: "haben wir im um" haiwezekani, kwa hivyo lazima iwe "ihm". Ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba mahali hapa imla inapima ufahamu wa muundo, asijilaumu kwa masikio mabovu. Tofauti ya "den" na "dem" nayo mara nyingi ni ya aina hii.

Imla imemaliza kazi yake. Kutoka kwa makosa sita tumebaki na mambo matatu ya sikio: mrundiko wa "nichts", r iliyogeuka a katika "hat er", na "vor dem" iliyosagwa. Hayo matatu ndiyo yanayopelekwa kwenye kivuli. Asiyeanza na imla huingia kwenye kivuli bila kujua anatafuta nini, na ndiyo sababu wengi hukiacha baada ya wiki moja wakisema ni kelele tu.

Katika kivuli, mzunguko wa kwanza uwe wa kunong'ona, au hata kufumba mdomo na kuimba kiimbo kwa pua, bila maneno. Lengo ni kushika mahali shadda inapoangukia. Shadda ya Kijerumani haikai pamoja kama yetu. "Abend" iko mwanzo, "Tabletten" katikati, na "vierundfünfzig" iko kwenye silabi ya kwanza kabisa, ambako kinywa cha Kiswahili hakingeiweka kamwe. Mzunguko wa pili na wa tatu mtu atamke akiwa na maandishi mbele yake. Kuanzia wa nne maandishi yafunikwe. Maandishi yakiachwa wazi, jicho huchukua usukani, na mwanafunzi anakuwa anasoma kwa sauti huku rekodi ikicheza pembeni kama redio ya jirani.

Avae kifaa cha kusikizia kwenye sikio moja na kuliacha la pili wazi. Akiziba yote mawili hatasikia anachokisema mwenyewe. Atakuwa akimsikia msemaji wa Kijerumani na kudhani sauti ile nzuri ni yake. Hata kwa sikio moja udanganyifu huu haumaliziki, kwa hiyo mzunguko wa mwisho urekodiwe kwa simu, kisha zichezwe zote mbili kwa zamu: sentensi ya msemaji, sentensi yake. Asijaribu kuhukumu matamshi yote. Asikilize yale matatu tu.

Kwa mrundiko wa konsonanti kuna kipimo rahisi cha kidole. Gonga meza mara moja kwa kila silabi. "Nichts" ni mgongo mmoja wa kidole, si miwili. "Blutdruck" ni miwili. Kidole kikigonga mara tatu au nne, ujue umetia irabu za kuegemea, ukasema "buludruku". Mazoea hayo ni ya kale: ndivyo lugha yetu inavyokaribisha wageni. Neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani, "Schule", nalo liliingia bila kujeruhiwa kwa sababu umbo lake lilifanana na letu, silabi mbili wazi na shadda kwenye ya kwanza. "Blutdruck" lingekuja siku ile, lingebadilishwa nguo zote.

Kwa irabu fupi, sentensi zetu tatu zina maneno manne yanayopima jambo hilohilo: "gegessen", "Tabletten", "genommen" na "gemessen". Kila moja lina shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali petu penyewe, na kila moja lina irabu fupi hapo. Ni mtego kamili. Mwanafunzi atasema "genoomen", na akiwa kwenye kivuli atajikuta amechelewa, msemaji ameshafika kwenye neno linalofuata. Kuchelewa huko ni dalili ya maana sana. Kivuli kinamwambia jambo ambalo mwalimu angeweza kulirudia muhula mzima bila kusikika: irabu yako ni ndefu kuliko muda uliotengewa. Ukiona unaachwa nyuma mahali palepale kila mara, usiilaumu kasi. Tafuta irabu uliyoivuta.

Kuhusu kasi yenyewe, Deutsche Welle hutoa taarifa za habari zinazosomwa polepole, "Langsam gesprochene Nachrichten", pamoja na maandishi yake. Kwa anayeanza imla ni hazina. Lakini msomaji anayesoma polepole hutamka kila silabi kwa ukamilifu, na hapo ile "habm" hutamsikia akiisema, wala "hata". Anayefanyia mazoezi habari za polepole pekee atakuwa hodari wa habari za polepole. Programu za simu nazo huweza kupunguza mwendo wa rekodi ya kawaida. Robo moja ikipunguzwa haina neno. Ukizidisha hapo, sauti inavutwa yote kwa pamoja, irabu fupi inarefuka, na tofauti uliyokuwa ukiitafuta kati ya "offen" na "Ofen" inakuwa ngumu zaidi kuisikia.

Nilisema kuna hatari ya ukasuku. Hutokea hivi: baada ya mizunguko kumi mtu anaweza kutoa sentensi nzima kwa matamshi mazuri bila kuwaza lolote. Dawa ni kumkatiza. Simamisha rekodi katikati na umwulize kwa Kiswahili, Bwana Meyer alipimwa saa ngapi? Na hapa patatokea jambo ambalo imla isingeligundua kamwe. Mwanafunzi aliandika "halb acht" bila kosa hata moja, akaitamka vizuri katika kivuli, kisha anajibu: nane na nusu. "Acht" si ni nane? Ni nane, ndiyo, lakini "halb acht" kwa Mjerumani ni nusu ya safari ya kuelekea nane, yaani saba na nusu kwa saa za kizungu, ambayo kwetu ni saa moja na nusu asubuhi. Anayegeuza saa hiyo kichwani ana madaraja mawili ya kuvuka, la "halb" na la saa za Kiswahili, na anaweza kuanguka kwenye lolote. Sikio halikukosea. Ufahamu ndio uliokosea, na mazoezi haya mawili, kwa uzuri wake wote, hayautibu. Unahitaji maswali.

Sentensi tatu zinatosha kwa siku tatu au nne, dakika 20 kila siku. Siku ya kwanza imla na uchambuzi, zinazofuata kivuli, na wiki moja baadaye imla ya rekodi ileile kwa kusikiliza mara moja tu, kama katika mtihani. Kama "hat er" na "vor dem" zimetoka vizuri, bado usishangilie, huenda ni kumbukumbu. Tafuta msemaji mwingine anayesema sentensi nyingine zenye vitu vilevile. Akiwa mwanamke badala ya mwanamume, mzee badala ya kijana, au mtu wa Bavaria badala ya mtu wa kaskazini, ndipo utajua sikio limefunguka au lilimzoea mtu mmoja tu. Na kama katika rekodi hiyo mpya nambari 2 itatajwa "zwo" badala ya "zwei", usiiandike kama kosa la msemaji. Wajerumani wenyewe, hasa kwenye simu, husema hivyo ili msikilizaji asichanganye "zwei" na "drei".